Ukurasa wa Yaliyomo wa kubofya kwenye faili la Excel lenye shiti nyingi

Wakala wa dagaa pale Mwaloni Kirumba akiwa na shiti moja kwa kila mwalo anakonunua na kila gulio anakopeleka mzigo, hazichukui muda kufika arobaini. Kutafuta Kayenze kwa kusogeza vichupo vya chini kunachosha, na mtu akiwa na haraka ataandika mauzo kwenye shiti ya jirani. Tumtengenezee ukurasa wa mbele.

Ongeza shiti mpya, iweke ya kwanza kabisa na uiite Yaliyomo. Safu ya A, kuanzia A2, orodhesha majina ya shiti: Igombe, Kayenze, Ukara, Ng'haya na kuendelea. Usiyaandike kwa kukumbuka. Bofya mara mbili kichupo cha shiti, nakili jina, bonyeza Esc, kisha libandike. Nafasi tupu moja mwishoni mwa jina inatosha kuua linki.

Kwenye B2 andika fomula hii, halafu ivute mpaka mwisho wa orodha:

```
=HYPERLINK("#'"&SUBSTITUTE(A2,"'","''")&"'!A1","Fungua")
```

Alama ya # inaiambia Excel ibaki ndani ya faili hilihili. Ritifaa mbili zinazozunguka jina zinahitajika jina likiwa na nafasi, kama "Igombe Juni". Miongozo mingi huishia hapo, lakini kwetu haitoshi. Ng'haya ina ritifaa yake katikati, na Excel ikiikuta hudhani jina limeishia hapo. SUBSTITUTE huiandika mara mbili ili isomwe kama sehemu ya jina. Kama kompyuta yako inakataa mkato ndani ya fomula, tumia nukta mkato.

Sasa njia ya kurudi. Bofya kichupo cha shiti ya pili, shikilia Shift, bofya cha mwisho: zote zinachaguliwa isipokuwa Yaliyomo. Ingiza mstari mpya juu, la sivyo chochote kilichomo A1 kitafutwa, kisha andika kwenye A1:

```
=HYPERLINK("#'Yaliyomo'!A1","Rudi Yaliyomo")
```

Fomula inaingia kwenye shiti zote kwa mpigo. Papo hapo bofya kichupo cha Yaliyomo ili kuzitenganisha. Usipofanya hivyo, kilo za dagaa utakazoandika Igombe zitaandikwa pia Ukara na kwingine kote.

Tatizo utakalokutana nalo mara kwa mara ni mtu kubadilisha jina la shiti. Orodha haibadiliki yenyewe, na ukibofya unapata "Reference isn't valid." Usisubiri kubofya moja moja. Weka kipimo kwenye C2 na ukivute chini:

```
=ISREF(INDIRECT("'"&SUBSTITUTE(A2,"'","''")&"'!A1"))
```

Panaposoma FALSE, jina la safu ya A halilingani na kichupo chochote. Linakili upya kutoka kwenye kichupo, na linki itafunguka bila kugusa fomula.