Somo: Jedwali limejaa, jibu liko wapi?

Funika jina la biashara lililo juu ya karatasi, kisha msomee mtu yaliyoandikwa kwenye jedwali la SWOT: wafanyakazi wenye uzoefu, bidhaa bora, mtaji mdogo, soko linakua, ushindani mkali. Muulize ni biashara gani hiyo. Akishindwa kutofautisha kama ni karakana, zahanati au kampuni ya mabasi, basi jedwali hilo halijasema kitu, hata kama visanduku vyote vinne, yaani nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, vimejaa hadi pembeni.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1997 watafiti Terry Hill na Roy Westbrook walichapisha matokeo ya kuangalia kampuni 20 za Uingereza zilizotumia SWOT. Orodha zilikuwa ndefu, wastani wa mambo zaidi ya 40 kwa kila moja. Maneno yalikuwa ya jumla, hakuna aliyepanga lipi ni zito kuliko lingine, na hakuna aliyehakiki chochote. Baya zaidi, hatua zilizofuata za kupanga mikakati hazikutumia yale yaliyoandikwa. Watu walijaza, wakapongezana, kisha wakaamua kwa njia nyingine.

Leo nitapita na kesi moja ya kutunga, toka mwanzo hadi uamuzi. Ni karakana ya uchapaji yenye wafanyakazi 9. Mwenye karakana aliniletea (tuseme) jedwali lenye mambo 26, na chini yake ameandika: "Kwa ujumla hali ni nzuri, ila kuna changamoto." Sentensi hiyo angeweza kuiandika kabla hajachora mstari hata mmoja.

Hatua ya 1: Andika swali juu ya karatasi

Nilimuuliza, "Unataka kuamua nini?" Akafikiri kidogo, akasema: tununue mashine ya pili ya kuchapa mwaka huu au tusinunue? Hilo ndilo swali. "Kuchambua biashara yetu" si swali, kwa sababu halina jibu ambalo mtu anaweza kulikataa. Swali zuri lina machaguo angalau mawili, lina tarehe, na anajulikana atakayeamua.

Ona jinsi swali linavyopunguza kazi. Kati ya mambo 26, kumi hivi hayakuhusu mashine kwa namna yoyote. Yalikuwa kweli, lakini hayakuwa na kazi hapa.

Hatua ya 2: Geuza maneno kuwa sentensi zenye ushahidi

Kwenye udhaifu aliandika "uwezo mdogo wa uchapaji". Nikamwomba daftari la oda la miezi mitatu. Kulikuwa na oda 60, na 14 zilichelewa. Tulipofuatilia moja moja, 11 kati ya hizo zilikuwa zimeshachapwa kwa wakati, zikakaa zinasubiri kukatwa na kujalidiwa, kwa kuwa kazi hiyo anaijua mtu mmoja tu. Mashine ya kuchapa yenyewe ilikuwa inafanya kazi wastani wa saa 5 kati ya saa 9 za siku.

Kwa hiyo udhaifu alioandika haukuwepo. Udhaifu halisi ulikuwa huu: "Oda husubiri siku 3 kabla ya kujalidiwa, kwa sababu mjalidi ni mmoja." Hapa nakuomba usimame kidogo. Si jedwali lililoigundua foleni ile, ni daftari la oda. Kisanduku kilitupa tu sababu ya kulifungua daftari. Anayejaza akiwa amekaa mezani bila daftari, bila risiti na bila kumuuliza mjalidi, anaandika anachokiamini tayari.

Kosa jingine la hatua hii ni kuchanganya ndani na nje. Jiulize: kama karakana hii isingekuwepo, jambo hili bado lingekuwepo? Likiwepo, ni la nje, yaani fursa au kitisho. Ndiyo maana "kununua mashine mpya" si fursa, ingawa watu wengi huliandika huko. Hilo ni chaguo lako mwenyewe. Fursa ni kwamba wachapishaji wadogo wanatafuta mahali pa kuchapa nakala 100 hadi 300 kwa mara moja.

Hatua ya 3: Futa

Chukua kila sentensi, ujiulize: ikigundulika kesho kuwa si kweli, jibu la swali letu lingebadilika? Kama halibadiliki, ifute. Kwetu zilibaki nne. Ya foleni ya kujalidi. Ya mashine inayokaa bure saa 4 kwa siku (hii ni nguvu, ingawa mwenyewe hakuiona hivyo). Ya wachapishaji wadogo. Na ya nne ilikuwa kitisho: mteja mkubwa, anayeleta asilimia 38 ya mapato, ametangaza kuwa mkataba ujao utataka oda zifike ndani ya siku 5.

Watu huumia wakifuta. Wanahisi kazi inapotea. Weka yaliyofutwa kwenye karatasi nyingine ukipenda.

Hatua ya 4: Kutanisha ya ndani na ya nje

Hapa ndipo wengi hawafiki kabisa. Visanduku vinne vikikaa kila kimoja peke yake havitoi uamuzi. Heinz Weihrich alipendekeza mwaka 1982 tuvikutanishe: nguvu kwa fursa, udhaifu kwa fursa, nguvu kwa vitisho, udhaifu kwa vitisho. Kila mkutano uandike kwa muundo wa "kwa sababu… kwa hiyo…".

Tulianza na udhaifu kwa kitisho, kwa kuwa ndio uliokuwa mzito. Oda ya sasa inachukua siku 7: 1 ya kuidhinisha mchoro, 2 za kuchapa, 3 za kusubiri kujalidiwa, na 1 ya kujalidi na kufunga. Mteja anataka siku 5. Mashine ya pili ingepunguza uchapaji kutoka siku 2 hadi 1, lakini kazi zingefika kwa mjalidi haraka zaidi na kumkuta yuleyule mmoja. Foleni ingerefuka. Foleni ya kujalidi ikishuka kutoka siku 3 hadi 1, tunafika 5 bila kugusa uchapaji.

Nguvu kwa fursa haikuhitaji maneno mengi: saa 4 zinazokaa bure zinatosha kuanza na oda ndogo za wachapishaji, ila baada ya foleni kupungua. Mikutano miwili iliyobaki haikutoa kitu, tukaiacha wazi. Kisanduku kitupu si aibu.

Hatua ya 5: Andika hitimisho linaloweza kupingwa

Lake lilikuwa hili: "Mwaka huu hatununui mashine ya pili ya kuchapa. Tunanunua mashine ya kujalidi kwa gundi na kumfundisha mtu wa pili kabla ya mazungumzo ya mkataba, ili oda ishuke kutoka siku 7 hadi 5. Tutalifungua tena suala la mashine ya kuchapa endapo iliyopo itatumika zaidi ya saa 7 kwa siku kwa miezi miwili mfululizo."

Ndani yake kuna tunachofanya, tunachoacha, na kitakachotufanya tubadili mawazo. Mjalidi akisema "mtu wa pili hatafundishika kwa muda huo", hitimisho limepingwa, na mjadala una mahali pa kuanzia. "Hali ni nzuri ila kuna changamoto" hakuna awezaye kulipinga.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Bosi wangu anataka kila kisanduku kiwe na mambo matano. Nikipeleka mawili anasema sijafanya kazi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Usibishane naye kuhusu visanduku. Weka ukurasa wa kwanza wenye swali, hitimisho na yale mawili matatu yanayolibeba, kisha jedwali lake la mambo matano liwe kiambatisho. Atakaposoma ukurasa wa kwanza, maswali yake yatahusu hitimisho. Na kama hatausoma, hata ishirini yasingekusaidia.

Swali: Mimi natumia nguvu tano za Porter. Nimeipa kila moja alama: juu, wastani, wastani, chini, wastani. Nikahitimisha kuwa sekta "inavutia kwa wastani". Nahisi kuna kitu hakipo.

Jibu: Umechukua wastani wa vitu visivyojumlishika. Michael Porter alipozieleza nguvu hizo mwaka 1979, hoja ilikuwa kueleza faida ya sekta inaenda kwa nani: wanunuzi, wauzaji wa malighafi, washindani, wanaotaka kuingia au bidhaa mbadala. Nguvu moja ikiwa kali inaweza kuimaliza faida hata nyingine nne zikiwa dhaifu. Kwa hiyo rudi kwenye ile uliyoandika "juu". Andika jinsi inavyochukua faida, kwa mfano mnunuzi mmoja anapanga bei kwa sababu kuhama kwake hakumgharimu kitu. Halafu sema utafanya nini juu ya hiyo moja. Zile tatu za wastani zipe sentensi moja moja.

Swali: Ndugu, kwani si rahisi kuweka alama na uzito, ukazidisha, jedwali likaamua lenyewe? Kwangu chaguo A lilipata 3.4 na B 3.2. Hakuna ubishi.

Jibu: Ubishi upo, umejificha kwenye uzito. Uliniandikia kuwa gharama ni asilimia 40, ubora 30, kasi 30. A ina 4, 3, 3 na B ina 2, 4, 4. Sasa weka gharama 30, ubora 35, kasi 35, mabadiliko ambayo hata wewe usingeyagombania. A inakuwa 3.3 na B 3.4. Mshindi amebadilika. Maana yake hesabu haijaamua. Swali lako halisi ni kama gharama ina uzito kweli wa kuzidi hayo mengine, na hilo linajibiwa na hali ya mfuko wako. Kama mshindi angebaki yuleyule baada ya kuusogeza uzito huku na huku, hapo ningekubaliana nawe.

Swali: Na kama jibu tulikuwa nalo kabla, jedwali tunajaza ili kuwaridhisha wakubwa?

Jibu: Hutokea, na dalili yake ni moja: kila jambo lililobaki linaelekea upande uleule. Kwenye kesi ya karakana mwenyewe alikuwa ameshachagua mashine, amepata hata bei. Kilichomzuia ni oda 11 za kwenye daftari. Kama umeshaamua, andika basi kitu kimoja ambacho kikionekana kitakufanya uache, kisha nenda kakitafute kabla hujajaza chochote. Usipokiona, jaza jedwali lako kwa amani.