Runinga ya chumba cha mkutano haionekani kwenye orodha?

Umebonyeza Windows + K ili kurusha picha ya kompyuta kwenye runinga bila waya, na orodha iko tupu? Kabla hujamwita fundi, angalia Wi-Fi ya kompyuta yako. Wengi wanaotumia waya wa intaneti huizima, kumbe Miracast, teknolojia inayofanya kazi hiyo, hurusha picha kwa Wi-Fi moja kwa moja hadi kwenye runinga, hata kama hujaunganishwa na mtandao wowote. Iwashe, subiri kidogo, chagua jina la runinga, kisha andika namba ya siri ikitokea kwenye kioo chake.

Ikishika, bonyeza Windows + P uchague `Extend`. Ukiacha `Duplicate`, meseji za shemeji kuhusu mchango wa harusi zitasomwa na bosi. Slaidi ziburute kwenda runingani. Mengine yabaki kwako.