Kusindika mbaazi kwenye chupa: presha ikishuka dakika ya 60, anza upya

Mama mdogo wangu yuko Newala, ana mbaazi za shambani na mtoto yuko chuo, akataka ampelekee zilizoiva kwenye chupa, kazi yake iwe kufungua na kupasha. Akanipigia njoo nisaidie, kwa vile mimi huku Mtwara mjini nasindika muda sasa. Nimefika nakuta chupa zishaoshwa, sufuria la maji liko jikoni, mpango wake azichemshe saa tatu amalize. Nikamwambia mama hapana, zima kwanza.

Shida ni mbegu za bakteria wa botulizimu. Zinaishi kwenye udongo, kwa hiyo kwenye mbaazi zinafika tu. Maji yakichemka kwa nyuzi 100 bakteria wenyewe wanakufa ila mbegu zinavumilia, na zile saa tatu hazizimalizi. Halafu wewe unafunga chupa, hewa hakuna, ndani kuna maji, uchachu hakuna, unaweka kabatini kwenye joto, hapo zinaota na kutoa sumu. Achari ya embe inasalimika kwa sababu ya uchachu, pH yake iko chini ya 4.6. Mbaazi, samaki, nyama na mboga ziko juu ya hapo, zinataka nyuzi 116 mpaka 121, na maji hayafiki huko bila presha.

Hatua ya 1. Loweka mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwenye maji mapya dakika 30.

Hatua ya 2. Jaza chupa za nusu lita zikiwa za moto, mbaazi na maji yake, acha sentimita 2.5 juu. Chumvi nusu kijiko cha chai. Tumia chupa za kusindikia zenye mfuniko wa vipande viwili, za mayonezi niachie. Na tui usitie! Mama mdogo alitaka atie kabisa mbaazi za nazi, lakini mchuzi mzito wenye mafuta unachelewesha joto kufika katikati ya chupa, na dakika nitakazotaja zilipimwa kwa mbaazi na maji tu.

Hatua ya 3. Hapa ndo kwenye kazi. Unahitaji sufuria kubwa ya presha ya kusindikia, siyo ile presha kuka ndogo ya maharage, ile inapata moto na kupoa haraka mno, muda wake hauhesabiki. Mimi napenda yenye kizito kinachokaa juu ya tundu la mvuke kuliko yenye saa ya kusoma presha, saa inadanganya ikizeeka na huwezi kujua, kizito kikicheza unakisikia hata ukiwa uani.

Funga, washa moto, ila kizito usiweke bado. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 nzima. Hewa ikibaki ndani presha inasoma sawa kumbe joto liko chini. Ndipo uweke kizito: huku pwani paundi 10, Newala kule juu ya uwanda wa Makonde paundi 15, kwa sababu ukipita mita 300 kutoka usawa wa bahari joto linakuwa dogo kwa presha ileile. Kikianza kucheza, hesabu dakika 75.

Sasa tumefika dakika ya 60, gesi ikakata. Mpaka kijana arudi na mtungi presha imeshuka yote. Mama mdogo ananiambia, "Si zimebaki 15 tu mwanangu, tumalizie." Hapana. Zile dakika zinahesabiwa mfululizo, ili joto lifike katikati ya chupa na kutulia hapo, likishuka huwezi kuunganisha vipande. Tukarudisha presha tukaanza sifuri, tumetoka jikoni saa nne usiku. Mkaa ndo usijaribu kabisa, utakesha unapuliza.

Ukimaliza zima, presha ishuke yenyewe. Ukimwagia maji ya baridi mchuzi unaruka nje ya chupa, na ule muda wa kupoa nao ni sehemu ya kuua mbegu.

Hatua ya 4. Mfuniko utalia tik na kubonyea. Watu wanaona tik wanashangilia, lakini tik inakwambia hewa haiingii, basi, na kukosa hewa ndicho hasa hizo mbegu zinachotaka. Chupa iliyochemshwa vibaya nayo inalia tik. Sumu inaweza kuwepo bila harufu wala povu, kwa hiyo usionje ili kujua, yenye mashaka itupe. Mtu akila akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zinalegea, ulimi mzito, kumeza shida, kimbia hospitali na useme alikula cha chupa.

Hatua ya 5. Ukifungua, chemsha dakika 10 zikitokota, sumu tofauti na mbegu inavunjika kwa moto huo. Tui linaingia hapo.