Trela ya chaneli ya YouTube: anachokiona mgeni na anachokiona aliyesabskraibu

Mjomba wangu analima korosho Tandahimba na ana chaneli ya YouTube anayofundishia wakulima wenzake. Mimi niko Mtwara mjini, ndiye ninayempangia chaneli hiyo, pamoja na trela yake, ile video fupi inayoitambulisha chaneli kwa wageni. Mwezi wa sita alinipigia, hata shikamoo yangu hajaimaliza kuipokea: "Mpwa wangu, ile trela imefutika. Nimefungua chaneli sasa hivi, haipo. Juu kuna video ya ugonjwa wa ubwiriunga."

Nikamuuliza amefungua kwa simu ya nani. Ya mkewe. Na mkewe alisabskraibu siku ya kwanza kabisa. Basi jibu lilikuwa hapo hapo: trela ipo, ila yeye alikuwa anatazama kwa jicho la mtu aliyesabskraibu, na mtu huyo haonyeshwi trela.

Nimekutana na swali hili kwa watu wengi wenye chaneli hapa kwetu, kwa hiyo naeleza hatua zote kwa kutumia chaneli ya mjomba.

Kwanza, nini hasa kinatofautiana

Ukurasa wa mbele wa chaneli una sehemu mbili za kupanga. Juu kabisa kuna nafasi ya video moja kubwa. Chini yake kuna safu za video, moja chini ya nyingine.

Ile nafasi ya juu ndiyo inayobadilika. Asiyesabskraibu anaonyeshwa trela. Aliyesabskraibu anaonyeshwa video nyingine uliyomchagulia wewe. YouTube haipimi kama mtu anakufahamu au la. Inaangalia tu kama akaunti anayotumia imesabskraibu. Mkulima wa Newala aliyetazama video zako zote kwa miaka miwili bila kubonyeza `Subscribe`, kwa YouTube bado ni mgeni, na ataonyeshwa trela kila akija. Naye aliyesabskraibu halafu akajiondoa anarudi kwenye ugeni. Anayetazama bila kuingia kwenye akaunti yoyote ni mgeni pia.

Zile safu za chini ni zile zile kwa watu wote, kwa mpangilio ule ule. Huwezi kuweka safu ya wageni peke yao na nyingine ya waliosabskraibu. Watu wengi hudhani inawezekana, wanaitafuta sehemu ya kufanyia hivyo mpaka wanachoka. Haipo.

Kuna safu moja tu inayochanganya watu, nayo ni `For You`. Hiyo YouTube huijaza yenyewe kwa video za chaneli yako, kufuatana na mazoea ya kila mtazamaji. Watu wawili waliosabskraibu wote, wakikaa benchi moja na simu zao, wanaweza kuona video tofauti ndani yake. Tofauti hiyo haitokani na kusabskraibu. Ukiiona, usianze kukagua trela.

Hatua ya 1: andaa video mbili zenye kazi mbili

Usitumie video moja kwa nafasi zote mbili. Mgeni anataka kujua hapa ni wapi na atapata nini. Aliyesabskraibu anajua hapa ni wapi, anataka kitu cha leo.

Trela ya mjomba ina sekunde 58. Anaanza akiwa chini ya mkorosho, anasema analima Tandahimba, kisha zinafuata picha fupi za kupalilia, kupuliza salfa, kuokota na kuanika. Mwisho anasema video hutoka kila Jumamosi. Hataji bei, hataji mwezi, hataji msimu. Nilimsisitizia hilo kwa sababu trela hukaa pale muda mrefu, na mgeni wa mwezi wa pili akisikia habari za mnada wa mwezi wa kumi ataona chaneli imelala. Mtu asiyekufahamu havumilii salamu ndefu, kwa hiyo jina la shughuli yako litokee ndani ya sekunde kumi za mwanzo.

Video ya waliosabskraibu inafuata msimu. Mwezi wa sita mikorosho inaanza kutoa maua na ubwiriunga unaingia, ule ukungu mweupe kama unga unaokausha maua kabla hayajashika korosho. Hapo mjomba anaweka video ya dakika tisa inayoonyesha jinsi ya kuukagua mti na wakati wa kupuliza. Ikifika mwezi wa kumi, minada ikiwa imeanza, anaibadilisha na kuweka ya kuchambua na kuanika korosho kabla ya kuzipeleka kwenye chama cha msingi.

Hatua ya 2: ziweke kwenye nafasi zake

Kazi hii mimi naifanyia kwenye kompyuta. Pakia kwanza video zote mbili kama kawaida, ziwe wazi kwa kila mtu. Kisha fungua:

```
studio.youtube.com
```

Upande wa kushoto bonyeza `Customization`, halafu `Home tab`. Utaona nafasi mbili. Ya `Channel trailer for people who haven't subscribed` weka trela. Ya `Featured video for returning subscribers` weka ile ya msimu. Maliza kwa kubonyeza `Publish` juu kulia. Usipobonyeza hapo, ulichopanga hakitoki, na hili limeshanipotezea jioni nzima nikitafuta kosa lisilokuwepo.

Soma maelezo madogo yaliyo chini ya nafasi ya pili. Yanasema video hiyo haitaonyeshwa tena kwa aliyesabskraibu ambaye ameshaitazama. Sentensi hiyo ndiyo inayoeleza nusu ya malalamiko yote ninayoletewa. Mtu anaweka video, anaitazama kwa simu yake ya pili iliyosabskraibu, anaridhika. Kesho anafungua tena, nafasi ya juu imekuwa tupu, safu zimepanda juu. Anadhani kuna hitilafu, anafuta, anaweka upya video ile ile, na bado haioni. Kwa watu wengine ambao hawajaitazama, video ilikuwa pale pale muda wote.

Hatua ya 3: panga safu ukijua zinasomwa na watu wa aina mbili

Ukurasa unaruhusu safu zisizozidi 12. Mjomba ana nne. Zinaongezwa kwa `Add section`, na unazipanga kwa kuzivuta juu au chini.

Kwa kuwa safu hazitofautiani, inabidi safu ya kwanza imfae mgeni anayeshuka kutoka kwenye trela, na imfae pia aliyesabskraibu ambaye ameshaitazama video yako ya juu, maana kwake safu hiyo ndiyo imekuwa mlango. Mwanzoni tuliweka `Popular videos` juu kabisa. Kwa mgeni ilikuwa nzuri. Kwa wakulima wa siku zote ilikuwa mbaya: video zile zile tano, wameshazitazama zote. Tukaiteremsha hadi nafasi ya tatu, juu tukaweka orodha moja ya video iitwayo "Kazi za msimu huu", ambayo mjomba anaibadilisha yeye mwenyewe. Mgeni anaielewa, mwenyeji anakuta kipya. Ya pili ni video zilizopakiwa karibuni, na ya nne ni orodha ya vifaa.

Safu isiyo na kitu haionekani. Ukiweka ya matangazo ya moja kwa moja yajayo na hujapanga tangazo lolote, mtazamaji hataiona.

Hatua ya 4: kagua kwa macho mawili, na lako mwenyewe usilitegemee

Ukiwa ndani ya akaunti inayomiliki chaneli, unachokiona usikifanye ushahidi. Wewe si mgeni wala si msabskraiba wa chaneli yako.

Jicho la mgeni ni rahisi. Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza Ctrl + Shift + N, litafunguka dirisha fiche ambalo halina akaunti. Andika anwani ya chaneli. Unapaswa kukuta trela juu. Usipoiona, rudi kwenye hatua ya 2: ama hukubonyeza `Publish`, ama video yenyewe umeiacha ikiwa ya faragha.

Jicho la aliyesabskraibu linataka akaunti nyingine ya kweli. Mimi nilitumia ya shangazi, yaani mke wa mjomba. Hakikisha imesabskraibu, fungua ukurasa wa chaneli, itazame nafasi ya juu bila kuibonyeza. Ukiibonyeza na kuitazama, akaunti hiyo haitakufaa tena kwa kukagua video hiyo. Siku ile mjomba aliponipigia, video ya ubwiriunga ilikuwa bado juu kwa sababu shangazi hakuwa ameitazama. Nilimwambia mjomba aicheze kwenye simu hiyo mpaka mwisho kisha afungue chaneli kesho yake. Alinipigia: "Sasa haipo kweli." Nikamwambia safari hii ndiyo inavyotakiwa.

Halafu nikamwomba afungue dirisha fiche kwenye simu ile ile. Trela ikatokea. Mkono mmoja, simu moja, kurasa mbili. Hapo ndipo alipoelewa, kuliko maelezo yangu yote.

Hatua ya 5: angalia kama trela inafikiwa kabisa

Hapa kwetu video nyingi husambaa kwa kiungo cha WhatsApp, kwenye makundi ya wakulima. Kiungo cha video kinampeleka mtu kwenye video moja kwa moja, hakipiti ukurasa wa chaneli. Mtu huyo hataiona trela mpaka abonyeze jina la chaneli. Kwa hiyo unaweza kuwa umepanga vizuri na bado trela isitazamwe.

Fungua trela ndani ya Studio, nenda `Analytics`, kisha kwenye vyanzo vya watazamaji tafuta `Channel pages`. Hao ndio waliofika kupitia kurasa za chaneli. Ukiingia `Advanced mode` unaweza pia kugawa kwa `Subscription status`, ukaona wangapi walikuwa hawajasabskraibu. Trela inayofanya kazi yake watazamaji wake wengi ni wasiosabskraibu. Ukikuta waliosabskraibu ndio wengi, inawezekana uliisambaza kama video ya kawaida, na takwimu zake hazikuambii kitu kuhusu wageni.

Kwa mjomba, wanaofika kupitia ukurasa wa chaneli walikuwa wachache sana. Hatukugusa trela. Tulichofanya ni kwamba sasa kwenye makundi anatuma viungo viwili: cha video ya wiki, na chini yake cha ukurasa wa chaneli, akiandika "Wageni anzieni hapa." Mwezi wa kumi tutabadilisha video ya waliosabskraibu, na trela tutaiacha kama ilivyo.