Mhimili wa "Nyingine" kwenye kumi bora: uuchore, uuvunje au uuache?

Bosi akisema "nitengenezee chati ya kumi bora", amekupa idadi ya mihimili tu. Hajasema vilivyobaki viende wapi. Wengi wetu huvisomba vyote, tunaviandika "Nyingine", tunaongeza mhimili wa kumi na moja na kazi imekwisha. Mara nyingine hilo linafaa kabisa. Mara nyingine mhimili huo mmoja unaharibu chati nzima, na unaweza kulijua hilo mapema kwa hesabu ya dakika mbili.

Nitatumia data ambayo yeyote anaweza kuipata: idadi ya watu kwa kaunti katika sensa ya Kenya ya Agosti 2019. Kaunti ni 47, watu ni 47,564,296. Kumi za juu ni hizi:

Nairobi 4,397,073
Kiambu 2,417,735
Nakuru 2,162,202
Kakamega 1,867,579
Bungoma 1,670,570
Meru 1,545,714
Kilifi 1,453,787
Machakos 1,421,932
Kisii 1,266,860
Mombasa 1,208,333

Hatua ya 1: Jumlisha mkia kabla ya kuchora chochote

Weka majina kwenye safu A na idadi kwenye safu B, kuanzia mstari wa 2, kisha panga kuanzia kubwa hadi ndogo. Kumi bora watakaa B2 hadi B11, na mkia, yaani kaunti 37 zilizobaki, utakuwa B12 hadi B48. Andika fomula hizi tatu pembeni:

```
=SUM(B12:B48)
=SUM(B12:B48)/SUM(B2:B48)
=SUM(B12:B48)/B2
```

Ya kwanza inakupa ukubwa wa mkia, ya pili sehemu yake katika jumla yote, na ya tatu inauliza mkia ni mara ngapi ya mhimili mrefu kuliko yote. Kwa kaunti zetu, majibu ni watu 28,152,511, asilimia 59, na mara 6.4.

Jibu la tatu ndilo la kuangalia zaidi. Ukichora "Nyingine" hapa, utakuwa mrefu mara sita na zaidi kuliko Nairobi. Ukiwa na nafasi ya sentimita 16 kwenye ukurasa, "Nyingine" itaichukua yote, Nairobi itabaki na sentimita 2.5, na Mombasa haitafika hata milimita 7. Tofauti kati ya Kilifi na Machakos, ambayo ni watu 31,855, haitaonekana kwa macho. Msomaji amekuja kuona nani anamzidi nani, nawe umempa mhimili mmoja mkubwa usio na jina.

Hatua ya 2: Linganisha mkia na mihimili miwili, wa kwanza na wa mwisho

Kipimo changu ni hiki. Mkia ukiwa mfupi kuliko mhimili wa kumi, uchore bila wasiwasi. Ni masalio kweli. Ukiwa kati ya wa kumi na wa kwanza, unachorwa lakini unahitaji rangi tofauti na maelezo. Ukiupita wa kwanza, usiuchore kwenye chati hiyo. Hii si sheria ya kitabu, ni mazoea ya kazi, ila kila ninapojaribu kuivunja hiyo ya tatu naishia kuirudia.

Kuna anayefikiria kuongeza majina: badala ya kumi, taja kumi na tano au ishirini, mkia utapungua. Jaribu kwenye data hii uone. Ili "Nyingine" iwe fupi kuliko Nairobi, ubakize kaunti kumi tu za mwisho, kuanzia Lamu yenye watu 143,920 hadi Vihiga yenye 590,013. Jumla yake ni 3,794,878. Ukiongeza Nyamira, jumla inafika 4,400,454 na kuipita Nairobi kwa watu elfu tatu na kitu. Maana yake utaje kaunti 37 kwa majina. Hiyo si kumi bora tena, ni orodha kamili iliyokatwa mguu.

Sababu ni umbo la data yenyewe. Baada ya Nairobi kaunti zinashuka polepole, na zile 37 za mkia, zilizo chini ya kumi bora, zina wastani wa watu 760,879 kila moja. Hizo si kaunti ndogo za kusukumwa pembeni. Ni kaunti za kawaida, na ni nyingi. "Nyingine" hufaa pale mkia unapokuwa wa vitu vidogo kweli, vinavyofifia upesi. Mkia mnene ukiuita "Nyingine", unamdanganya msomaji kwamba umemwonyesha sehemu kubwa ya habari.

Hatua ya 3: Angalia pale unapokata

Kumi ni namba ya vidole, data haiijui. Tazama wanaofuata baada ya Mombasa: Uasin Gishu 1,163,186, Narok 1,157,873, Kisumu 1,155,574. Kati ya Mombasa na Uasin Gishu pana watu 45,147 tu, na kutoka Uasin Gishu hadi Kisumu hapafiki hata elfu nane. Mstari wako umepita katikati ya kundi linalofanana. Msomaji wa Kisumu ana haki ya kuuliza kwa nini yeye ni "Nyingine" na Mombasa ina jina.

Pengo la kweli lililo karibu liko juu kidogo, kati ya Machakos na Kisii: watu 155,072. Kama uko huru, nane bora ingesimama vizuri zaidi kuliko kumi. Kama umeamriwa kumi, baki na kumi, lakini andika chini ya chati ni nani wa kumi na moja na amepungukiwa na kiasi gani. Sentensi hiyo moja inaokoa maswali mengi mkutanoni.

Na kama mkia una kitu kimoja tu, kitaje kwa jina. "Nyingine" yenye mwanachama mmoja ni mzaha. Ukiwa na viwili au vitatu vyenye ukubwa wa kuonekana, navyo vitaje.

Hatua ya 4: Amua

Kwa data yetu "Nyingine" imeshindwa mtihani. Zimebaki njia mbili, na chaguo linategemea swali la aliyekutuma.

Kama swali ni "kaunti zipi zina watu wengi zaidi", chora mihimili kumi tu, na uhamishe mkia kwenye maneno, moja kwa moja chini ya kichwa cha chati: "Kaunti hizi 10 zina watu milioni 19.4, asilimia 41 ya watu wote. Kaunti nyingine 37 zina milioni 28.2." Hakuna kilichofichwa, na mihimili imepata nafasi ya kupumua. Mimi ningechagua hii.

Kama swali ni "watu wa Kenya wamegawanyikaje", basi kumi bora ndiyo chati isiyofaa. Badilisha ngazi ya makundi ili kila mtu apate pa kukaa. Mikoa minane ya zamani inafanya kazi hiyo bila kubakiza hata mtu mmoja: Bonde la Ufa 12,752,966, Mashariki 6,821,049, Nyanza 6,269,579, Kati 5,482,239, Magharibi 5,021,843, Nairobi 4,397,073, Pwani 4,329,474 na Kaskazini Mashariki 2,490,073. Jumlisha, utapata 47,564,296 kamili.

Lakini tazama kilichotokea kwa Nairobi: imetoka namba moja ikawa ya sita, na Pwani iko nyuma yake kwa watu elfu sitini na kitu tu. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni mahali ulipochora mipaka. Kwa hiyo usichanganye ngazi mbili kwenye chati moja, kwa mfano Nairobi, Kilifi na Mombasa kama kaunti, kisha "Pwani" na "Nyanza" kama makundi ya waliobaki. Nimeona chati za namna hiyo zikipitishwa. Kilifi na Mombasa zikiwa zimeshatajwa peke yake, hiyo "Pwani" inakuwa pwani isiyo na Mombasa, na hakuna msomaji atakayekisia hivyo.

Hatua ya 5: Hakikisha kinachojumlishwa kinajumlishika

Idadi ya watu inajumlishwa. Msongamano haujumlishwi, na wala hauchukuliwi wastani hivi hivi. Chukua kaunti mbili za mkiani: Lamu ina watu 23 kwa kilomita ya mraba, Tana River 8. Ukijumlisha unapata 31, upuuzi mtupu, kwa kuwa kundi haliwezi kuwa na msongamano mkubwa kuliko wanachama wake wote. Ukichukua wastani unapata 15.5, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu inaonekana ya kweli. Jibu sahihi ni kujumlisha watu (459,863), kujumlisha eneo (takriban kilomita za mraba 44,200), ndipo ugawanye: kama watu 10. Tana River ni kubwa mara sita kwa eneo, ndiyo inayoivuta namba chini. Asilimia, bei ya wastani na viwango vyote vinafuata utaratibu huo huo. Kama huna namba za chini za kugawanyia, huna haki ya kuwa na mhimili wa "Nyingine".

Kagua pia kama data ilikuja na "nyingine" yake. Jedwali la dini la sensa hiyo hiyo lina "Wakristo wengine" na "dini nyingine", pamoja na wasiojua na wasiotaja. Hao wawili wa kwanza ni majibu ya watu, na hukuyaunda wewe. Ukiyamwaga kwenye kapu lako, utakuwa na aina mbili za "nyingine" ndani ya moja. Na asiyetaja dini yake si wa dini nyingine. Mweke kando, au mtaje kwenye maelezo ya chini.

Hatua ya 6: Kama umeamua kuuchora

Data yako imepita mtihani wa hatua ya 2? Basi weka "Nyingine" mwisho kabisa, hata kama ni ndefu kuliko wa kumi au wa tano, kwa sababu haishindani na mtu. Ipe rangi ya kijivu na mihimili kumi rangi moja. Jina liwe na idadi ndani yake: "Nyingine (aina 14)" inasema mengi kuliko "Nyingine" tupu. Usikate mhimili kwa alama ya mpasuko ili uonekane mfupi. Urefu ndiyo habari yenyewe.

Kwenye Excel, ukichagua mihimili ya kulala, mstari wa kwanza wa jedwali hukaa chini na "Nyingine" inajikuta kileleni. Bofya majina yaliyo pembeni mwa chati, fungua Format Axis, weka tiki kwenye `Categories in reverse order`. Na ukipanga upya jedwali baadaye, mstari wa "Nyingine" usiwe ndani ya eneo unalopanga, la sivyo utapanda juu pamoja na wengine.