Kutengeneza au kununua: gharama zipi ziingie kwenye hesabu, na kwa nini bei uliyonunulia mashine ibaki nje

Nafanya hesabu za viwanda vidogo, na swali linaloniletea ubishi mkubwa kuliko yote ni hili: kitu hiki tuendelee kukitengeneza wenyewe, au tukinunue kwa mtu? Nitakupitisha hatua kwa hatua kwa kutumia kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti mkoani Singida. Takwimu ni za mfano, ila mpangilio wake ndio ninaoukuta vitabuni mwa wenye viwanda.

Kiwanda kinajaza mafuta kwenye chupa za lita 1, chupa 20,000 kwa mwezi. Chupa hizo kinazipuliza chenyewe. Kinanunua prifomu, yaani kile kimrija kinene cha plastiki ambacho tayari kina shingo ya kizibo, kinakipasha moto, kisha hewa ya kompresa inakitanua ndani ya kalibu mpaka kinakuwa chupa. Mashine na kompresa vilinunuliwa miaka miwili iliyopita kwa shilingi milioni 36. Sasa kuna mtu wa Dar es Salaam anayeuza chupa zilizokwisha kupulizwa. Zikifika Singida kila moja inasimama kwa 320: 255 ni chupa yenyewe na 65 ni usafiri. Usafiri unakula sana kwa sababu chupa tupu hujaza lori kabla hazijawa na uzito wowote.

Mhasibu ameleta karatasi ya gharama ya kutengeneza chupa moja:

| Kipengele | Shilingi |
|---|---|
| Prifomu | 175 |
| Umeme | 35 |
| Vibarua, kwa kila chupa | 30 |
| Vipuri na matengenezo | 10 |
| Uchakavu wa mashine | 30 |
| Pango, meneja na fundi wa mashine | 50 |
| Jumla | 330 |

Anasema tununue, maana 320 ni chini ya 330. Mwenye kiwanda anakataa katakata: "Milioni thelathini na sita zangu zikae zinaota vumbi?" Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja.

Hatua ya 1: Andika njia mbili, kisha uweke muda

Usianze na tarakimu. Andika kwa maneno kitakachotokea ukichagua kila njia, kuanzia kesho hadi miezi 12 ijayo. Njia ya kwanza: mashine inabaki, fundi anabaki, chumba kinaendelea kutumika. Njia ya pili: mashine inauzwa, fundi anaondoka, chumba kinabaki wazi, na kila mwezi lori linaleta chupa.

Muda ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Pango la chumba huwezi kulikwepa wiki ijayo, lakini mkataba ukiisha unaweza. Kwa hiyo gharama ileile inaweza kuwa nje ya hesabu ya mwaka huu na ndani ya hesabu ya mwaka ujao.

Hatua ya 2: Pitisha kila mstari kwenye maswali mawili

Kwa kila mstari wa karatasi ile uliza: hela hii bado haijatoka? Na je, kiasi kitakachotoka kitatofautiana kati ya njia ya kwanza na ya pili? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, gharama hiyo inahusika na uamuzi. Jibu moja likiwa hapana, iache nje.

Umeme, vibarua na vipuri vinapita moja kwa moja, kwa kuwa ukiacha kupuliza chupa hutavilipa. Ila usiukubali umeme kwa macho. Mara nyingi mhasibu huchukua bili nzima na kuigawa kwa makadirio. Chagua asubuhi ambayo kinu cha kukamulia kimezimwa, soma uniti za LUKU, puliza chupa 1,000, soma tena. Kwenye mfano wetu uniti zilizotumika ziligharimu takriban 35,000, hivyo 35 kwa chupa inasimama.

Prifomu inapita, lakini kwa bei nyingine. Ile 175 ni bei ya mzigo wa zamani, na mzigo huo umebaki wa siku chache tu. Leo prifomu ni 184, na katika kila 100 zinazoingia kwenye mashine, 3 hupasuka au hutoka zimepinda. Gawa 184 kwa 0.97, unapata kama 190. Hiyo ndiyo hela itakayotoka mfukoni kwa kila chupa nzima. Bei ya zamani ya prifomu ni gharama iliyokwisha kuzama, yaani hela iliyokwisha kutoka na isiyorudi kwa njia yoyote utakayochagua, sawa na bei ya mashine, ila watu wengi huiona kwenye mashine na kuisahau stoo.

Gharama zinazofuata idadi ya chupa sasa ni 190 + 35 + 30 + 10, sawa na 265.

Hatua ya 3: Vunja ile 50

Mstari uliochanganya pango, meneja na fundi usiupitishe wala kuukataa ukiwa mzima. Kwa mwezi ni shilingi milioni 1: pango 350,000, sehemu ya mshahara wa meneja 250,000, na fundi wa mashine 400,000 pamoja na mchango wa NSSF.

Pango litalipwa njia zote mbili, kwa kuwa mkataba bado una zaidi ya mwaka. Meneja naye hatapunguziwa mshahara kwa sababu chupa zinatoka Dar. Vyote viwili nje. Fundi ni tofauti: ameajiriwa kwa ajili ya mashine hii tu, na isipokuwepo ataondoka. Mshahara wake haupandi wala kushuka kwa idadi ya chupa, lakini unaepukika, hivyo unaingia: milioni 4.8 kwa mwaka. Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, wakidhani kila gharama isiyobadilika kwa idadi ya uzalishaji inaachwa.

Kumwachisha fundi nako kuna gharama yake, na inawekwa upande wa kununua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, usiozidi miaka 10. Kwa fundi wa miaka minne, weka 400,000. Notisi yake ataitumikia akiwa kazini.

Hatua ya 4: Itoe bei ya zamani ya mashine, weka bei yake ya leo

Milioni 36 zilishatoka. Ukipuliza chupa hazirudi, ukinunua chupa hazirudi. Kwa kuwa ziko sawa njia zote mbili, haziwezi kuonyesha ipi ni nafuu. Ile 30 ya uchakavu ni milioni 36 hizohizo zimegawanywa kwa miaka mitano, kisha kwa chupa. Ni mgawanyo wa vitabuni. Hakuna mwezi ambao mtu atakuja kuidai.

Angalia sasa kosa la wale wawili. Mhasibu aliiweka milioni 36 ndani ya gharama ya chupa kwa jina la uchakavu, ikamvuta kuelekea kununua. Mwenye kiwanda aliibeba moyoni kama hela ya kukomboa, ikamvuta kuelekea kutengeneza. Gharama iliyozama haina upande wake. Inampotosha kila mtu kule alikoanza kuelekea.

Hata hivyo mashine yenyewe ina jambo la kusema. Ulizia sokoni ingeuzwa shilingi ngapi leo, na ingeuzwa ngapi baada ya mwaka mmoja wa kazi. Tuseme leo kuna mnunuzi wa milioni 14, na mwakani itafika milioni 9. Kuendelea kuitumia kunakugharimu milioni 5 za thamani itakayopotea. Hiyo inahusika. Kama hakuna mnunuzi kabisa leo wala mwakani, weka sifuri, na kutengeneza kutaonekana nafuu zaidi.

Hatua ya 5: Uliza chumba kingefanya kazi gani nyingine

Pango tumelitoa, lakini nafasi yenyewe inaweza kuwa na thamani. Mfanyabiashara wa mbegu anataka stoo na yuko tayari kutoa 250,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba ameridhia. Ukiendelea kupuliza chupa unaipoteza hela hiyo: milioni 3 kwa mwaka. Weka upande wa kutengeneza. Mpangaji awe mtu aliyekuja na neno la kweli. Usiweke mpangaji wa kufikirika.

Hatua ya 6: Jumlisha kwa mwaka mzima

Kwa chupa 240,000, na kiasi kikiwa katika milioni za shilingi:

| | Kutengeneza | Kununua |
|---|---|---|
| Chupa (265 dhidi ya 320) | 63.6 | 76.8 |
| Fundi | 4.8 | – |
| Kiinua mgongo | – | 0.4 |
| Thamani ya mashine inayopotea | 5.0 | – |
| Pango la stoo linalokosekana | 3.0 | – |
| Jumla | 76.4 | 77.2 |

Kutengeneza ni nafuu kwa 800,000 kwa mwaka. Karatasi ya mhasibu ilisema kununua kungeokoa 10 kwa chupa, yaani milioni 2.4. Kama wewe umesajiliwa VAT na unarejeshewa ile ya manunuzi, bei zote za pande mbili ziweke bila VAT, la sivyo upande mmoja utaonekana ghali bila sababu.

Hatua ya 7: Pima jibu lako linavunjikia wapi

Tofauti ya 800,000 kwenye milioni 77 ni ndogo, kwa hiyo usitangaze uamuzi bado. Kila chupa unayopuliza inakuokolea 55, yaani 320 kutoa 265. Gharama za mwaka zisizofuata idadi ni milioni 12.8, na ukitoa kiinua mgongo unachokiepuka zinabaki milioni 12.4. Gawa kwa 55, unapata chupa kama 225,500. Mwaka ambao mavuno ya alizeti ni hafifu na chupa zinashuka chini ya hapo, kununua kunakuwa nafuu. Zikishuka hadi 120,000, kununua kunashinda kwa milioni 5.8.

Bei ya muuzaji nayo ipime hivyohivyo. Akikubali 315 badala ya 320, unaokoa milioni 1.2 na jibu linageuka. Ndiyo maana mimi ningeipeleka hesabu hii mezani kwa muuzaji kabla ya kuipeleka kwa fundi. Halafu muulize mambo mawili yasiyoonekana kwenye jedwali: nani analipia chupa zinazofika zimebonyea, na mzigo unachukua siku ngapi msimu wa mavuno, wakati kila kiwanda kinaagiza. Kinu kikisimama siku mbili kwa kukosa chupa, faida ya mwaka mzima ya kununua inaweza kuishia hapo.

Usichanganye pia hela iliyozama na hela inayokaribia kutoka. Fundi akikuambia kompresa inahitaji injini mpya ya milioni 4 mwaka huu, hiyo bado hujailipa na utailipa tu ukiendelea kupuliza. Inaingia upande wa kutengeneza, yote, na hapo kutengeneza kunapitwa kwa milioni 3.2. Ukishailipa, rudia jedwali upya bila hiyo milioni 4, na bei ya kuuzia mashine uiulize tena sokoni, kwa kuwa injini mpya huenda imeipandisha.