Siku zako na mechi ya tarehe 30 Juni: somo kwa wasichana wa Bukavu

Nafundisha basketi wasichana wa miaka 13 hadi 17 huku Kadutu. Kwa muda mrefu niliona jambo moja: msichana anakosa mazoezi siku mbili kila mwezi, akirudi anasema alikuwa na malaria. Malaria gani hiyo inayofuata kalenda? Hatua hizi nilizipitia na mmoja wao, wa miaka 15, aliyetaka kuiacha timu kwa sababu aliona mechi yetu ya tarehe 30 Juni, siku ya Uhuru, itamkuta mwezini.

Kwanza: hesabu, usikisie

Mwezi wa mwili si mwezi wa ukutani. Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa msichana ambaye bado hajafika mbali tangu aanze, popote kati ya siku 21 na 45 ni sawa, na miaka ya mwanzo zinayumba. Kwa hiyo usishtuke zikitofautiana na za dada yako.

Yule msichana alikuwa ameandika nyuma ya daftari lake la hesabu: 4 Machi, 2 Aprili, 3 Mei, 31 Mei. Tukahesabu pamoja: siku 29, kisha 31, kisha 28. Ukiongeza 28 juu ya tarehe 31 Mei unafika 28 Juni. Ukiongeza 31 unafika 1 Julai. Basi hofu yake ilikuwa na msingi, mechi ilikuwa katikati kabisa. Lakini sasa tulikuwa tunajua wiki nne kabla.

Pili: lijue hilo tumbo

Utando wa ndani ya kizazi ukianza kubanduka, hutoa kemikali iitwayo prostaglandini. Hiyo ndiyo inayokibana kizazi ili kisukume damu nje, na kubanwa huko ndiko maumivu unayosikia chini ya kitovu, mgongoni, hata mapajani. Ikizidi, inachokoza na utumbo, ndiyo maana wengine wanaharisha siku ya kwanza.

Dawa ya ibuprofeni huzuia kemikali hiyo isitengenezwe. Ile iliyokwisha kutengenezwa haiiondoi. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanavumilia mpaka wanalia, halafu wanameza na kusema dawa haifai. Meza mara damu au maumivu yanapoanza, ukiwa umekula. Kwa umri huo ni miligramu 200 hadi 400, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi mara tatu kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo asiiguse bila kumuuliza muuguzi. Parasetamoli inaweza kumsaidia. Chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, juu ya tumbo, nayo inatuliza vizuri.

Na mazoezi? Wanaofanya mazoezi mara tatu kwa wiki, mwezi mzima, wengi wao maumivu hupungua. Paula Radcliffe wa Uingereza alivunja rekodi ya dunia ya maratoni kule Chicago mwaka 2002 huku tumbo la mwezi likimbana. Sisemi nawe uvunje rekodi. Nasema kizazi chake hakikuanguka barabarani.

Tatu: jaribu kitambaa nyumbani, si uwanjani

Maumivu ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine, na kwa wengi ndiyo kubwa, ni woga wa doa. Damu ya siku zote kwa pamoja, kwa kawaida, ni kama vijiko viwili au vitatu vya supu. Inaonekana nyingi kwa sababu kitambaa kinaitandaza.

Siku ya kwanza ya mwezi uliotangulia, yaani 31 Mei, tulijaribu. Alivaa chupi inayobana, kotekisi yenye mabawa, juu yake bukta ya kubana ya rangi nyeusi, kisha bukta ya timu. Akaruka mara 20, akachuchumaa mara 10, akapanda na kushuka ngazi za kwao kwa robo saa. Huku Kadutu ngazi hazikosekani. Kitambaa kilisogea nyuma alipochuchumaa, basi akakiweka mbele kidogo na kurudia. Paja lilichubuka, tukapaka vazelini.

Bukta nyeupe nimeziondoa. Hata timu ya mpira wa miguu ya wanawake ya Uingereza iliziacha mwaka 2023, wachezaji walipolalamika.

Nne: siku yenyewe

Damu ilikuja tarehe 29 jioni. Alikula bugali na sambaza, akameza kidonge, akalala. Asubuhi ya mechi alimeza tena baada ya chai na mkate, akabadilisha kitambaa kabla ya kupasha mwili, akabadilisha tena mapumziko. Robo ya tatu aliomba kutoka, tumbo lilikuwa limerudi. Alikaa dakika nne, akarudi. Tulishindwa kwa pointi sita, na hilo halikuhusiana na kizazi cha mtu.

Kuna siku za kutocheza kabisa: kitambaa kinajaa ndani ya saa moja au mbili, damu inapita siku saba, kichwa kinazunguka ukipanda ngazi, au dawa haigusi maumivu. Hapo nenda kituo cha afya, damu yako ipimwe.

Maswali niliyoulizwa

*Mama kochi, binti yangu akirukaruka siku hizo, kizazi hakitashuka? Na ubikira je? (mama, Bagira)*

Mama, kizazi cha msichana ni kidogo kama peasi, kimeshikwa na mishipa na misuli. Kuruka hakukishushi wala hakumnyimi uzazi. Ubikira hauondoki kwa mpira. Kile kingozi cha mlangoni mwa uke hutofautiana kwa kila msichana, na hakithibitishi lolote.

*Yaya, mimi nafanya mazoezi kila siku na sijaona siku zangu miezi minne. Nimefurahi, sisumbuki. Ni vizuri? (msichana, Ibanda)*

Hapana, mdogo wangu. Kama kuna uwezekano wa mimba, pima kwanza, hakuna wa kukugombeza hapa. Kama hakuna, mara nyingi mwili unakwambia chakula hakitoshi kwa kazi unayoupa, na huko mbele mifupa inadhoofika. Miezi mitatu bila kuona ni ya kwenda kwa daktari. Kwa sasa punguza mazoezi, ongeza chakula: maharagi, sombe, sambaza. Chai kunywa mbali na chakula, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

*Dada, mimi ni kochi mwanaume. Nitajuaje msichana yuko mwezini bila kumwaibisha? (Panzi)*

Usiulize. Mpe kapteni mfuko wenye kotekisi, sabuni na bukta nyeusi ya akiba, mfuko huo ubaki kwake. Tangaza kwamba yeyote anaweza kusema "leo nusu" na akafanya mazoezi mepesi bila kueleza sababu. Mvulana pia akisema hivyo, mkubalie.

*Yaya, sina pesa ya kotekisi, natumia vitambaa, na mvua haiishi. Vinakauka lini? (msichana, Kadutu)*

Fua kwanza kwa maji baridi, ya moto yanagandisha doa, halafu sabuni. Anika juani, si chini ya godoro. Ukiona aibu, tandika kanga nyepesi juu yake. Jua likikosekana, kipige pasi ya makaa mpaka kikauke kabisa. Kitambaa chenye unyevu kinawasha na kuleta harufu. Uwe na angalau sita, ubadilishe kila saa nne hadi sita, na cha mazoezi kiwe kile kinene, kilichoshonwa mabawa ya kufunga kwa kifungo.